Leo Wali, Kesho Mboga: Je, Mzunguko wa Wanga Washinda Mlo wa Kila Siku?

Swali la juma hili limetufikia kwa njia tatu. Dada mmoja alitutumia ujumbe akitaka kujua iwapo ni kweli kwamba mtu akila wali siku moja na kuuacha siku ya pili, mwili hupungua upesi zaidi. Mama mwingine alilalamika kuwa binti yake anapika chungu chake peke yake, mbali na cha nyumba, na siku nyingine haligusi hata tonge la sima. Wa tatu ni mume ambaye mkewe ana maradhi ya kisukari na anameza vidonge, naye ameanza mtindo huohuo pasi na kumwambia daktari. Huyu wa tatu ndiye aliyetufanya tuliweke swali hili mbele ya mengine.

Mtindo wenyewe huitwa mzunguko wa wanga. Wanga ni ile sehemu ya chakula inayogeuka sukari mwilini: wali, sima, chapati, mahamri, muhogo, viazi, ndizi, tende, na sukari yenyewe tunayoitia kwenye chai. Mwenye kuufuata mtindo huu huligawa juma lake. Siku nne, kwa mfano, hula wanga kidogo, na siku tatu zilizobaki hula mwingi. Asili yake ni kwa watunisha misuli na wanariadha. Hao waliona kuwa siku ya mazoezi mazito mwili wauhitaji wanga, na siku ya mapumziko hauuhitaji sana, basi wakaupanga mlo wao uifuate kazi. Kutoka kwao ukaingia kwenye majumba ya mazoezi mijini, na kutoka huko ukafika jikoni mwetu. Lakini uliponunuliwa njiani uliongezewa maneno: kwamba siku ya wanga mwingi huuamsha mwili uliolala, na siku ya wanga kidogo huulazimisha kuyachoma mafuta, na kwamba ukizichanganya hizo mbili unaupiku mwili usijue la kufanya.

Ili tuyapime maneno hayo, hatuna budi kujua mwili huuweka wapi wanga unaoingia. Sehemu huchomwa papo hapo. Sehemu huwekwa akiba, na akiba hiyo huitwa glaikojeni. Ini huhifadhi kama gramu 100, na misuli yote ya mwili mtu mzima huhifadhi gramu 300 hadi 400 hivi, kwa kadiri ya ukubwa wake na mazoezi yake. Ghala hili ni dogo. Tena lina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha udanganyifu mwingi: kila gramu moja ya glaikojeni huwekwa pamoja na maji kama gramu tatu.

Sasa tazama yatokeayo. Mama ameacha wali na chapati kwa siku mbili. Mwili wake umetoa ghalani, tuseme, gramu 250. Pamoja nazo yametoka maji gramu 750, akayakojoa. Asubuhi ya siku ya tatu anapanda mizani, imeshuka kilo nzima. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini mafuta yaliyotoka katika siku hizo mbili, hata kama alijinyima sawasawa, hayafiki robo ya kilo. Kilichobaki ni maji. Siku ya wanga mwingi ikifika, ghala linajaa, maji yanarudi, na mizani inapanda tena. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, au wanapoiongeza siku nyingine ya kujinyima ili kuiona ile kilo ikitoka tena. Hivyo basi mtu huenda akazunguka na kilo moja ya maji miezi mitatu akidhani anapigana na mafuta.

Tuuchukue mfano kamili tuukokotoe. Mama wa miaka arobaini, mwenye kilo 78, ambaye mwili wake kwa kazi zake za nyumbani na za dukani hutumia kalori kama 2,200 kwa siku. Anataka kupungua pole pole, basi ameamua kula kalori 1,800. Kalori 400 anazozipunguza kila siku ni kalori 2,800 kwa juma, na hizo ni sawa na theluthi moja ya kilo ya mafuta, au zaidi kidogo. Katika mlo wake huo wanga ni gramu 200 kwa siku.

Gramu 200 si njaa. Asubuhi ni chai yenye kijiko kimoja cha sukari, hamri moja na bakuli dogo la mbaazi. Hapo ni gramu 60 hivi. Mchana ni wali kikombe kimoja na nusu uliokwisha pikwa, kama gramu 65, pamoja na mchuzi wa samaki na mchicha mwingi, ambao wanga wake ni mdogo mno. Jioni ni chapati moja na nusu kikombe cha maharage, gramu 60 nyingine. Juu yake chungwa moja, gramu 15. Hesabu imetimia, na nyumba nzima imekula chungu kimoja.

Mama huyohuyo akitaka kuzungusha, atafanya siku nne za gramu 110 na siku tatu za gramu 320. Nne mara 110 ni 440, na tatu mara 320 ni 960. Jumla ni 1,400. Na mia mbili mara siku saba ni ngapi? Ni 1,400 vilevile. Ikiwa mafuta, nyama na samaki wake hawakubadilika, juma lake ni lilelile, na mwili utapunguza mafuta kwa kiasi kilekile. Ghala la wanga halina sherehe wala matanga. Hutoa na kuingiza, na mwisho wa juma daftari husoma sawa.

Lakini angalia gramu 320 zina sura gani. Ni mahamri mawili na mbaazi asubuhi, vikombe viwili na nusu vya wali mchana, chapati mbili na maharage jioni, na chungwa. Dada zetu, hiyo ni siku ya kawaida katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu. Kile kitabu cha mazoezi kinachokiita siku ya wanga mwingi, sisi twakiita Jumanne. Basi mama wa pwani akiambiwa leo ni siku ya kula wanga kwa wingi, hatakwenda kwenye gramu 320, ameshazizoea hizo. Atakwenda juu yake. Ataipeleka siku hiyo kwenye biriani ya harusi, na soda ya nusu lita yenye sukari gramu 50 na ushei, na kaimati baada ya alasiri. Gramu 450 hufikiwa bila jitihada.

Tuifanye hesabu hiyo pia. Siku tatu za gramu 450 ni 1,350. Ongeza zile 440 za siku nne za kujinyima, zimekuwa 1,790. Amezidisha gramu 390 kwa juma, na kila gramu ya wanga ina kalori nne, basi ni kalori 1,560. Alikuwa apunguze 2,800, na sasa amebakiwa na 1,240. Zaidi ya nusu ya jasho lake la siku nne imeondoka katika siku tatu, na hapo hatujahesabu samli ya biriani. Ndiyo maana mtu aweza kujinyima kwa kweli, akaumwa kichwa kwa kweli, akawa mkali kwa watoto, kisha baada ya miezi miwili kanzu ikawa inabana palepale.

Upande wa siku za kujinyima nao una mtego wake. Mtu huacha wali akashika karanga, korosho na samaki wa kupaka mwenye tui zito. Vyote hivyo wanga wake ni kidogo, na kwa hesabu ya wanga amefaulu. Lakini mafuta yana kalori tisa kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya wanga. Konzi mbili za korosho mbele ya mazungumzo zaweza kubeba kalori nyingi kuliko chapati aliyoikimbia. Mwenye kuzungusha wanga na asiangalie mafuta amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Je, hakuna ushahidi wowote kuwa siku za kujinyima zina faida? Upo, na si haki kuuficha. Kule Manchester, Uingereza, watafiti waliokuwa wakishughulikia wanawake wenye hatari ya kupata saratani ya matiti walitoa matokeo ya majaribio mawili yaliyo karibu na jambo letu. Katika la kwanza, la mwaka 2011, walikuwa wanawake 107. Nusu walikula kidogo sana siku mbili kwa juma, na siku tano wakala kawaida. Nusu nyingine walipunguza chakula kidogo kila siku. Baada ya miezi sita, wa kwanza walipungua wastani wa kilo 6 na kidogo, wa pili kilo 5 na nusu hivi. Watafiti wenyewe hawakuiona tofauti hiyo kuwa ni ya maana.

La pili, la mwaka 2013, lilikuwa na wanawake 115, na humo siku mbili za juma zilikuwa za wanga kidogo hasa, gramu 40 tu. Safari hii, baada ya miezi mitatu, waliojinyima siku mbili walitoa mafuta karibu kilo 4, na waliopunguza kila siku kilo 2. Wapenzi wa mzunguko hulishika jaribio hili kwa mikono miwili. Nasi twaliheshimu, ila twaomba lisomwe lote. Wanawake wale hawakuwa na siku za wanga mwingi. Siku tano zilizobaki walikula mlo wa kadiri, wa mboga, samaki, maharage na nafaka zisizokobolewa. Kilichowafaa ni zile siku mbili, ambazo walizimudu na hawakuzilipiza. Karamu haikuwemo katika dawa hiyo. Tena miezi mitatu ni muda mfupi kwa jambo ambalo mtu atalihitaji maisha yake yote.

Kuhusu kudumu, huko Chicago watu wazima 100 walifuatwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Sehemu yao walipishanisha siku, leo kidogo sana, kesho zaidi ya kawaida. Wengine walipunguza kwa kadiri kila siku. Mwisho wa mwaka uzito uliopungua ulikuwa sawasawa. Lakini katika waliopishanisha siku, asilimia 38 waliacha njiani, na katika waliokula kwa kadiri ni asilimia 29. Hao hawakuwa wakizungusha wanga peke yake, bali chakula chote. Ila mtu aliyewahi kuishi na ratiba ya leo ndiyo na kesho siyo ataielewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa.

Neno la kuuamsha mwili nalo tulipitie upesi. Kuna homoni iitwayo leptini, ambayo huuambia ubongo kuwa akiba ya mafuta ipo. Mtu akijinyima hushuka, naye akala wanga mwingi siku chache hupanda, na mwili hutumia nguvu kidogo zaidi. Hilo ni kweli. Ila kupanda huko hupatikana kwa kula kupita haja, na ziada ya nguvu inayotumika ni ndogo kuliko ziada iliyoliwa. Ni kama kukopa shilingi mia ili upate faida ya shilingi saba.

Wanaofaidika na mzunguko wapo, na ni walewale walioubuni: mwenye siku ya kukimbia kilomita 30 na siku ya kulala, au mwenye kunyanyua vyuma vizito siku maalumu. Ghala lao hutoka kweli na hujazwa kweli. Hata hivyo tusidhani kila mwanariadha huzungusha. Watafiti waliofuata mlo wa wakimbiaji 10 wa Kenya wa daraja ya juu wakiwa kambini, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, waliona kuwa robo tatu na zaidi ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, kama gramu 600 kwa siku: sima, wali, viazi, mkate, na chai ya maziwa yenye sukari. Walikula hivyo siku nenda siku rudi, kwa kuwa nao walikimbia siku nenda siku rudi. Mama anayeshinda dukani na kupanda ngazi mara nne hana ghala la kujaza namna hiyo, wala hana siku mbili zinazotofautiana kiasi cha kuhitaji milo miwili.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: kwa mtu wa kawaida mzunguko haushindi mlo wa kadiri wa kila siku. Huulingana ukifuatwa kwa hesabu kali, na hushindwa ukifuatwa kama watu wanavyoufuata. Aliye na nafsi inayoona wepesi kujizuia siku mbili kamili kuliko kujizuia kidogo kila siku, na mwenye afya njema, hatumkatazi. Ila siku zake tano ziwe za kadiri, zisiwe za kufidia. Na akitaka siku moja ya nafasi, Ijumaa yatosha: sahani moja ya pilau pamoja na jamaa zake, bila kuirudia.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Baadhi ya dada zetu wamezipachika siku za wanga kidogo juu ya saumu za Jumatatu na Alhamisi. Kwanza, saumu ina nia yake, na mwenye kufunga anaijua. Mizani isije ikakalia nafasi ya nia hiyo. Pili, kwa hesabu tupu, siku hiyo mara nyingi huwa ndiyo ya wanga mwingi kuliko zote, kwa sababu futari yetu yaijua kila mmoja: tende, uji wenye sukari, viazi vya karai, kaimati, na baadaye chapati. Mfungaji aliyekaa saa kumi na tatu bila tonge aweza kuzimaliza gramu 250 kabla ya isha. Mwenye kutaka kadiri aanze kwa tende tatu na maji, aswali, kisha aje kwenye samaki, mboga na wanga wa namna moja: ikiwa ni viazi, chapati ingoje kesho.

Atakayetaka kujua kama mlo wake wafanya kazi, wa kadiri au wa kuzungusha, asiiamini mizani ya siku moja. Ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, aandike, kisha ajumlishe siku saba na agawanye kwa saba. Wastani wa juma hili aulinganishe na wa juma lile, si Jumanne na Jumatano. Na kwa kuwa mwanamke hubeba maji zaidi katika siku fulani za mwezi wake, njia bora ni kulinganisha juma na juma kama hilo la mwezi uliopita. Pia achukue futi ya cherehani, ajizungushe kiunoni usawa wa kitovu, mara moja kila majuma mawili. Maji ya glaikojeni hukaa zaidi ndani ya misuli ya mwili mzima, hayakai kiunoni peke yake. Futi ikishuka sentimita mbili kwa mwezi, mafuta yanatoka hata kama mizani inayumba.

Sasa turudi kwa yule mke mwenye kisukari. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wanaokua na wenye maradhi ya figo wasiingie katika mchezo huu bila daktari, lakini mwenye kutumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamaidi, yuko katika hatari ya siku hiyohiyo. Dozi yake ilipimwa kwa mlo wa aina moja kila siku. Akila gramu 300 za wanga leo, sukari yake itapanda. Akila gramu 80 kesho na kumeza kidonge kilekile, kidonge kitaishusha sukari isiyokuwepo. Dalili huja kwa haraka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kisha maneno kuchanganyika na macho kupotea. Watu wa nyumbani huweza kudhani ni hasira au usingizi.

Ukimwona hivyo na bado aweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Mpime baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia, kisha akitulia apewe kipande cha mkate au ndizi. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na kabla hayo hayajatokea, mume aliyetuandikia amchukue mkewe kliniki pamoja na vidonge vyake na karatasi iliyoandikwa alichokula kwa juma zima, siku kwa siku, ili daktari aamue kama ni chakula kitakachobadilishwa au ni dozi.